Stopu ya pipsi 10 wakati London na New York ziko kazini pamoja

"Shikamoo mtaalamu. Nafanya EURUSD kwenye chati ya M5, stopu pipsi 10, lengo pipsi 15. Nilifundishwa kwamba London na New York zikiwa wazi pamoja ndipo ukwasi unakuwa mwingi, kwa hiyo bei inakwenda vizuri. Mbona kwangu ndipo stopu zinapopigwa zaidi, halafu bei inageuka kwenda kulekule nilikosema? Nikahamia usiku, bei imetulia, ila lengo halifikiwi. Na wiki iliyopita oda yangu ya kuuza ilifungwa kwa stopu wakati kwenye chati bei haikufika pale kabisa. Broka kaniibia? Na nifanye saa ngapi?"

Marahaba. Nianze na hilo ulilofundishwa, maana ndilo lililokupeleka kombo. Ukwasi mwingi haumaanishi bei tulivu. Ukwasi ni wingi wa watu walio tayari kununua na kuuza karibu kabisa na bei unayoiona sasa hivi. Dalili yake ni spredi nyembamba, yaani pengo dogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, na oda kubwa kupita bila kuisogeza bei. Mtikisiko ni jambo jingine: ni umbali ambao bei inatembea ndani ya muda fulani. Miji hiyo miwili ikiwa kazini pamoja, vyote viwili hupanda. Spredi inabana, mishumaa inarefuka. Aliyekufundisha alikupa nusu ya kwanza, kwamba kuingia sokoni saa hizo ni nafuu, akasahau nusu ya pili, kwamba stopu fupi saa hizo haina pa kujificha.

Foreksi haina jengo wala kengele ya kufungulia soko. Tunaposema "kipindi cha London" tunamaanisha tu saa ambazo watu wa madawati ya benki za London wako kwenye viti vyao. Lakini viti hivyo ni vingi mno. Hesabu ya Aprili 2022 ya BIS, benki inayohudumia benki kuu za dunia, ilionyesha biashara ya fedha za kigeni ya aina zote kufikia dola trilioni 7.5 kwa siku, asilimia 38 ikipitia madawati ya Uingereza na asilimia 19 ya Marekani. Zaidi ya nusu ya biashara ya dunia imekaa kwenye nchi mbili, na nchi hizo zinakuwa kazini pamoja kwa takribani saa nne tu kwa siku. Ndani ya saa hizo wanakuja watoa bei wengi, ndio maana spredi inapungua. Wanakuja pia wenye haja: kampuni inayobadilisha mapato, mfuko unaojikinga, roboti linalosoma takwimu za Marekani. Watoa bei wakishindana, soko linakuwa na kina. Wenye haja wakielemea upande mmoja, bei inakwenda mbali. Soko lenye kina na linalokwenda mbali kwa wakati mmoja si kitu cha ajabu, ndilo la kila mchana.

Sasa tupime stopu yako. Fungua chati yako ya M5, weka kiashiria cha ATR, kinachopima wastani wa urefu wa mishumaa, kwa kipimo chake cha kawaida cha 14, kisha rudi nyuma siku kadhaa ukiangalia kinasoma nini saa tofauti. Namba zako zitakuwa zako na zitabadilika mwezi hadi mwezi, kwa hiyo mimi nitatumia za mfano. Saa nitakazotaja zote ni za UTC, jinsi zinavyoandikwa kwenye skrini, na ni za majira ya joto ya kaskazini; la majira ya baridi nitalifikia. Tuseme saa 02:00, London na New York zote zimelala, ATR inasoma 0.00020. Hizo ni pipsi 2. Saa 13:45, wote wako macho, inasoma 0.00070, yaani pipsi 7.

Stopu yako ni pipsi 10 saa zote mbili. Usiku wa manane ina upana wa mishumaa mitano ya kawaida. Mchana ina upana wa mshumaa mmoja na nusu, hata haifiki. Yaani saa 13:45 bei haihitaji kubadili nia ili ikutoe. Inajinyoosha tu, kama inavyojinyoosha kila dakika tano, inagusa stopu yako, kisha inaendelea na safari yake. Hilo ndilo unaloliona unaposema imegeuka kwenda ulikosema. Aghalabu haikugeuka, ilikuwa inakwenda hukohuko muda wote, na wewe ulikuwa umesimama ndani ya mtikisiko wake wa kawaida.

Hesabu hiyohiyo inaeleza usiku wako usiofika lengo. Umbali wa bei haukui sambamba na muda, unakua kwa kipeuo cha pili cha muda: muda ukiwa mara nne, umbali unakuwa mara mbili hivi. Ni makadirio, si sheria, ila yanatosha kwa kazi yetu. Mshumaa wa kawaida ukiwa pipsi 7, umbali wa pipsi 15 ni kama mara 2.1 ya mshumaa, na 2.1 kwa 2.1 ni mishumaa minne na ushee. Hizo ni dakika ishirini na kitu. Mshumaa ukiwa pipsi 2, pipsi 15 ni mara 7.5, na 7.5 kwa 7.5 ni mishumaa 56, ambayo ni zaidi ya saa nne na nusu. Na hapo ni kwa bei kutanuka kiasi hicho kwa jumla, sijasema itanuke upande wako. Wewe ulikuwa unakaa na oda ya "muda mfupi" huku soko likiwa limekupangia foleni ya usiku kucha.

Ongeza gharama. Ukilipa spredi ya pipsi 1 saa ya mchana ambayo bei inatembea pipsi 24, umetoa sehemu ndogo sana ya kile unachokitafuta. Ukilipa pipsi 2 saa ya usiku ambayo bei inatembea pipsi 7, karibu theluthi ya saa nzima imekwenda kwa mtoa bei kabla hujaanza. Utulivu wa usiku unapendeza kwa macho, lakini unauziwa ghali.

Dawa ya mchana basi ni kuipa stopu upana wa saa husika, na hapa ndipo wengi wanajiumiza vibaya zaidi. Wanapanua stopu wakaacha loti ilivyo. Chukua akaunti ya dola 1,000, na umekubali kupoteza asilimia 1 kwa oda moja, yaani dola 10. Kwenye EURUSD, loti 0.10 inafanya pipsi moja kuwa dola 1, kwa hiyo stopu ya pipsi 10 inaendana na loti 0.10. Ukisema mchana nataka stopu ya mishumaa mitatu ya kawaida, hiyo ni pipsi 21. Gawa dola 10 kwa 21, unapata kama senti 48 kwa pipsi, na loti inashuka hadi 0.04 ukiizungusha chini. Hasara ikija ni dola 8 na senti 40, hujavuka mstari wako. Ungeacha loti 0.10, hasara ileile ingekuwa dola 21, na ungerudi kulaumu stopu pana. Lengo nalo lisogee kwa uwiano wako uleule wa moja na nusu, liwe pipsi 31 au 32. Kwa makadirio yaleyale ya kipeuo, bei huweza kutanuka kiasi hicho mchana ndani ya saa mbili hivi. Ukiona huwezi kusubiri saa mbili, basi mtindo wako haukubaliani na saa hizo, na ni heri kulijua hilo kuliko kulifinyanga kwa stopu fupi.

Lakini usiyachukue hayo makutano ya London na New York kama saa nne za namna moja. Ndani yake mna mabonde na miamba, na ukiangalia M5 unaweza kuigusa kwa kidole. Majira ya joto New York inaanza kazi saa 12:00 na London inaondoka saa 16:00. Saa 12:30, ambayo kwao New York ni saa mbili na nusu asubuhi, ndipo Marekani inapotoa takwimu zake nzito kama ajira na mfumuko wa bei. Saa 13:30 masoko ya hisa ya New York yanafunguliwa. Saa 14:00 hutoka takwimu nyingine, na ndiyo saa ya kufikia ukomo kwa opsheni nyingi za fedha zinazofuata muda wa New York. Saa 15:00 ni saa kumi jioni London, wakati wa kupima bei rejea ambayo mifuko mingi duniani huitumia kuthaminisha mali zao.

Hiyo ya 12:30 inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu inavunja dhana kwamba makutano ni ukwasi tupu. Siku ya takwimu za mfumuko wa bei, acha M5, fungua dirisha la bei tu, usiwe na oda. Saa 12:25 spredi inacheza pale ilipozoea. Sekunde chache kabla ya 12:30 utaona inaanza kuachana: pipsi 1, mbili, nne. Hakuna habari bado. Kilichotokea ni kwamba watoa bei wanaondoa bei zao mezani, maana hakuna anayetaka kuwa amening'iniza ahadi ya kununua wakati namba mbaya inatoka. Kwa hiyo katikati ya saa zenye ukwasi mwingi kuliko zote, kuna sekunde ambazo ukwasi umekauka. Namba ikitoka, bei haitembei, inaruka. Stopu yako ikiwa kwenye ile nafasi iliyorukwa, haifungwi pale ulipoandika, inafungwa kwenye bei ya kwanza inayopatikana baada yake. Stopu ya kawaida ni oda ya kufunga kwa bei iliyopo, haikukuahidi bei yenyewe. Dakika chache baadaye watoa bei wanarudi na spredi inabana tena, ila mishumaa inabaki mirefu kwa muda mzuri. Mimi siku za takwimu hizo siingii kabla ya 12:45, na hata hapo nasubiri ATR ianze kushuka.

Ile ya 15:00 ina tabia yake. Oda za bei rejea haziangalii chati yako. Mfuko unaotakiwa kuuza yuro leo utaziuza kwa bei hiyo, iwe juu au chini ya mstari uliouchora. Zamani bei ilipimwa ndani ya dakika moja, na tangu Februari 2015 dirisha likapanuliwa kuwa dakika tano, kwa hiyo oda hizo sasa zimetandazwa kidogo. Bado utaona, hasa siku ya mwisho wa mwezi, bei ikisukumwa upande mmoja kwa dakika kadhaa bila habari yoyote, kisha ikarudi. Mwenye stopu ya pipsi 10 hapo anakuwa kama aliyeegesha baiskeli kwenye njia ya malori. Baada ya 16:00 London wanakusanya makoti yao, New York inabaki peke yake, na mishumaa inaanza kufupika.

Sasa la majira, na hili nalisema kwa uchungu wa mfuko wangu. Majira ya baridi saa zote hizo nilizotaja zinasogea mbele saa moja kwa UTC: takwimu zinakuwa 13:30, London inaondoka 17:00. Tatizo ni kwamba Marekani na Ulaya hazibadilishi saa siku moja. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Vuli Ulaya hurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwenye majuma hayo ya katikati New York imeshahesabu 12:00 na London bado inaondoka 17:00, hivyo makutano yanakuwa saa tano. Nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii nilikuwa na kengele kwenye simu saa 13:20, ya kunikumbusha kufunga kila kitu kabla ya takwimu. Ikaja Machi, Jumapili ile New York wakasogeza saa, mimi na kengele yangu hatukusogea. Siku mbili baadaye, 12:28, nimenunua kwa furaha kabisa, najiona nina saa nzima mbele yangu. Dakika mbili baadaye nikawa naangalia bei imeruka stopu yangu pipsi nyingi. Kengele ikalia 13:20, hakuna cha kufunga.

Ili usirudie yangu, angalia saa ya seva kwenye programu yako, ile inayoonekana kwenye dirisha la bei, usikariri UTC. Mabroka wengi huipanga iwe UTC+2 majira ya baridi na UTC+3 majira ya joto, ili siku yao iishe 00:00 pale New York inapofikisha saa kumi na moja jioni. Seva ya namna hiyo ikifuata kalenda ya Marekani, takwimu zitakuwa 15:30 kwenye chati yako mwaka mzima, na kinachohama kwa yale majuma machache ni London tu. Zipo seva zinazofuata kalenda ya Ulaya, na huko ni New York inayohama. Muulize broka wako moja kwa moja ni ipi, kisha andika jibu mahali unapoliona.

Tuje kwenye oda yako ya kuuza. Hukuniambia ilifungwa saa ngapi, ila nikiotea nitasema ilikuwa karibu na 21:00, yaani saa kumi na moja jioni New York, ambapo siku ya benki inavushwa. New York wanafunga, Tokyo wanaanza 00:00, na katikati hapo ndipo penye ukwasi mdogo kuliko saa zote za siku za kazi. Benki nyingi zinafunga hesabu za siku, watoa bei wanabaki wachache, na hao wachache wanaweka bei zao mbalimbali ili wasikamatwe.

Sasa fuatilia namba. Tuseme uliuza kwa 1.0850, stopu ukaiweka 1.0860. Saa 20:50 chati inaonyesha 1.0848, uko mbele kwa pipsi 2 kwa macho. Lakini chati ya programu za MT4 na MT5 kwa kawaida huchorwa kwa bei ya Bid, bei unayouzia. Oda ya kuuza inafungwa kwa kununua, kwa hiyo stopu yake inaangalia Ask, mstari wa juu ambao huuoni. Spredi ikiwa pipsi 1, Ask iko 1.0849 na huna wasiwasi. Saa 21:02 spredi inatanuka hadi pipsi 13. Bid haijasogea hata kidogo, bado 1.0848, chati imelala kama maji ya mtungini. Ask imepanda hadi 1.0861. Imevuka stopu yako, oda inafungwa kwa 1.0861, umepoteza pipsi 11, na mshumaa wa chati haujakaribia 1.0860. Oda ya kununua saa hiyohiyo ingekuwa na hatari tofauti, kwa kuwa stopu yake inaangalia Bid, ule mstari unaouona.

Kwa hiyo kabla ya kumwita broka mwizi, bonyeza F8 kwenye chati na uwashe mstari wa Ask, kwenye MT4 umeandikwa "Show Ask line". Uache ukae hapo siku zote. Kama unatumia MT5, fungua dirisha la Symbols kwa Ctrl+U, ingia kwenye kichupo cha Ticks, chagua EURUSD na muda wa dakika zile, utaona Bid na Ask moja moja jinsi zilivyopita. Spredi ikitanuka 21:00 na kubana tena baadaye, hiyo ni tabia ya saa, japo mabroka wanatofautiana sana katika kiasi na unayo haki ya kuchagua mwingine. Ikitanuka pipsi 13 saa 14:20 siku isiyo na habari, na kwa broka mwingine dakika ileile spredi ilikuwa pipsi 1, hapo una jambo la kuuliza.

Utulivu wa saa za namna hiyo umewahi kuwadanganya wakubwa kuliko sisi. Tarehe 6 Oktoba 2016, dakika chache baada ya 23:00, pauni ilianguka ghafla dhidi ya dola, kwa kina cha takribani asilimia 9, kisha sehemu kubwa ya anguko hilo ikarudi. Uchunguzi wa BIS haukumtaja mkosaji mmoja, lakini ulisema saa yenyewe ilichangia. Mwanzoni mwa Januari 2019 yeni nayo iliruka ndani ya dakika chache, New York imeshafunga na Japani iko sikukuu. Wala nisikufiche upande wa pili: Januari 15, 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuilinda bei ya 1.20 ya yuro kwa faranga, ilikuwa 09:30, London iko kazini kamili, na bei bado zilitoweka. Saa nzuri hupunguza ajali za kawaida. Haizuii ile inayokuja na habari ambayo hakuna aliyeijua.

Umeniuliza ufanye saa ngapi. Kwa EURUSD ya M5, mimi ningechagua asubuhi ya London, 07:00 hadi 10:00, kabla ya makutano. Wenyeji wa yuro wapo, spredi imebana, mishumaa imerefuka kiasi, na takwimu nzito za Marekani bado ziko mbali. Dakika za mwanzo zina tabia ya kuvunja kiwango cha usiku upande mmoja kisha kurudi, kwa hiyo mshumaa wa kwanza uliovunja huwa siuamini. Ukitaka makutano yenyewe, siku isiyo na takwimu nzito fanya kati ya 12:45 na 14:45, kwa stopu iliyopimwa na loti iliyopunguzwa, na ukiona 13:30 inakaribia usifungue oda mpya. Vyovyote vile, 20:30 isikukute na oda ya dakika chache mkononi. Kama muda wako pekee ni usiku, ni heri uiache EURUSD, kwa sababu saa hizo huko nyumbani kwao wamelala. USDJPY na AUDUSD zina wenyewe walio macho kuanzia 00:00, na yeni ina saa yake ya bei rejea ya Tokyo, 00:55, ambayo haihami kwa majira.

Usinikubalie kwa neno tu. Toa historia ya oda zako, andika kila moja ilifunguliwa saa ngapi UTC, zigawe mafungu matatu: asubuhi ya London, makutano, na usiku. Kila fungu liwe na oda 30 au zaidi, pungufu ya hapo ni bahati inayocheza. Ukikuta unapoteza sawasawa kwenye mafungu yote, saa siyo ugonjwa wako, na kuhama saa hakutakuponya. Hilo linawezekana kabisa. ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ilipobana biashara hizi mwaka 2018 ilisema akaunti 74 hadi 89 kati ya 100 za watu wa kawaida hupoteza fedha. Wakati unapima, fanya kwa akaunti ya majaribio, ila ujue spredi yake ya 21:00 na ya 12:30 inaweza kuwa nyembamba kuliko ya akaunti halisi.

Na kama fedha unayofanyia ni ya mkopo au ya ada, au umeanza kuongeza loti baada ya stopu kupigwa ili kurudisha, au kuna mtu nyumbani hajui, usiniandikie mimi tena kwanza. Hayo hayatibiwi kwa saa ya kuingia sokoni. Kaa ana kwa ana na mshauri wa fedha mwenye leseni, na kama unashindwa kuifunga programu hata ukitaka, mwone mshauri nasaha anayehudumia watu wenye uraibu wa kamari. Wanalijua hili na hawatakushangaa.

Kuhusu broka, ukishaona zile Ticks, mwandikie kwa barua pepe, taja namba ya oda, dakika na sekunde, Bid na Ask, na umuulize spredi ile ilitoka kwa nani. Simu haiachi ushahidi. Akikaa kimya, peleka barua hiyohiyo kwa mamlaka iliyompa leseni. Namba ya leseni iko chini ya ukurasa wake, lakini itafute kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, si kwenye picha ya cheti aliyoibandika yeye.